Jaza Repu Kwanza, Ndio Uguze Chuma

Jimu yetu ya mtaa huku Umoja ni mabati tu nyuma ya ploti. Kuna benchi mbili, na chuma zingine ni simiti ilimwagwa kwa mikebe ya rangi. Plati ndogo kabisa ni za 2.5, na ziko mbili pekee. Hiyo inamaanisha ukitaka kuongeza, unaongeza kilo 5, moja kwa moja. Ukiwa kwa benchi na kilo 40, hiyo 5 ni asilimia 12 na nusu. Si wasee wengi hupata nguvu kiasi hicho kwa wiki moja. Ndio maana unacheki morio amepachika 45, matako yameinuka kwa benchi, mgongo umejikunja ka daraja, na beshte wake huko nyuma ndiye anavuta chuma. Siku hiyo aliyepiga tizi ni beshte.

Mimi hupanda hivi. Nachagua uzito naweza kusukuma repu 8 safi, seti tatu. Repu ni ile kushuka hadi kifuani na kurudi juu, moja kamili. Halafu siguzi chuma kabisa. Kila nikirudi natafuta repu moja au mbili zaidi, kwa seti yoyote ile, mpaka zote tatu zigonge 12. Hapo ndio napachika 45 na kurudi chini tena, kwa 8 hivi.

Kwa daftari yangu ya mwezi jana, kilo 40 ilienda hivi: 9, 8, 8. Ikafuata 10, 9, 8. Halafu 10, 10, 9. Siku ya nne nilitoka mboka nimechoka, ikabaki 10, 10, 9 vile vile, na sikushtuka. Ikaja 11, 11, 10, halafu 12, 11, 11, halafu 12, 12, 11. Hiyo repu moja ya mwisho ilinisotesha siku mbili nzima. Siku ya tisa zote zikagonga 12. Nikapachika 45, nikapata 8, 7, 7.

Hiyo kushuka si bahati mbaya, ni hesabu. Ukikadiria, repu moja ni kama asilimia 3 ya uzito. Kutoka 12 hadi 8 ni repu nne, so umejipa nafasi ya kama asilimia 12, na hiyo ndiyo ile kilo 5 yetu.

Sasa cheki dambeli, juu hapa ndio wasee wengi hukwama na kudhani mwili umekataa. Dambeli zetu zinaruka kutoka 10 hadi 12.5. Hiyo ni robo nzima. Ukisukuma mabega na kilo 10 hadi repu 12, halafu ushike 12.5, utapata repu nne hivi na mabega yaanze kulia. Kwa hiyo tanua ngazi. Anza na repu 10, panda na hiyo kilo 10 yako hadi repu 20, ndio ushike 12.5. Utaangukia kwa 10 hivi, na uendelee na safari. Kuruka kukiwa kukubwa, ngazi ya repu inafaa iwe ndefu. Msee wa kuchuchumaa na 80, akiongeza 5 ni asilimia 6 tu, huyo 6 hadi 10 inamtosha.

Kitu inaharibu hii njia ni repu za uwongo. Ukidundisha chuma kifuani ndio ufike 12, daftari inasema umepanda na misuli iko pale pale. Muda wa kupumzika pia. Jana ulipumzika dakika mbili kati ya seti, leo umepiga stori dakika tano, hiyo repu imeongezeka ni ya stori. Mimi huwasha saa ya simu, dakika mbili na nusu, basi. Na seti ya kwanza usiimalize kabisa. Bakisha repu moja tumboni, la sivyo ya tatu itaanguka hadi 6 na hutawahi fikisha zote.

Plati za simiti nazo hazina ukweli. Za kwetu zimeandikwa 10 na rangi, tukazipeleka kwa mizani ya msee wa skrapu, moja ikasoma 11.5 na mwenzake 9. Sai tumezichora alama, ile ya 9 inakaa na ndugu yake ya 9.

Namba zikikataa kusonga siku tatu nne mfululizo, na unadishi na kulala poa, toa kama asilimia 10 na uanze kujenga tena. Kwa 45, hiyo ni kurudi 40. Bado sijafika huko. Alhamisi nilipata 9, 8, 8.