Lini Mlinda Amani Anaruhusiwa Kufyatua Risasi

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwa mjini humo hawakuwazuia. Wakazi wengi waliamini kwamba askari hao walikuwa wamekatazwa kupiga risasi. Si kweli. Waliruhusiwa kutumia silaha kujilinda na kulinda raia, lakini kazi yao ilikuwa kulisaidia jeshi la Kongo, na jeshi hilo lilikuwa limekwisha kuuacha mji. Uongozi wa walinda amani ulieleza kuwa hauwezi kushika nafasi ya jeshi la nchi, na kwamba mapigano mjini yangehatarisha raia.

Kila misheni huwa na kanuni za matumizi ya nguvu, na askari hupewa muhtasari wake kwenye kadi ndogo ya mfukoni. Tuchukue mlinzi wa lango la kambi. Anamwona mtu anakuja na bunduki begani. Silaha peke yake haimpi ruhusa ya kumpiga, kwa sababu katika vijiji vya Kivu wenye bunduki ni wengi. Mtu huyo akiishusha na kuielekeza langoni, hapo ameonyesha nia ya kushambulia. Mlinzi atampigia kelele asimame, kwa lugha anayoielewa. Asipotii, atafyatua risasi ya onyo, kisha ndipo amlenge. Kama tayari anashambuliwa, hatua hizo anaziruka. Lakini mshambuliaji akitupa silaha na kukimbia, hatari imekwisha, na kumpiga mgongoni ni kosa.

Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi maalumu yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Brigedi hii ilitumwa kuvunja nguvu za makundi yenye silaha, kwa hiyo haikulazimika kungoja ishambuliwe. Agosti mwaka huo, kwenye vilima vya Kibati kaskazini mwa Goma, mizinga yake, ikishirikiana na jeshi la Kongo, ilizipiga ngome za M23. Novemba M23 ikatangaza kuacha vita. Ardhi ilikuwa ileile na adui yuleyule. Kilichobadilika ni kazi waliyotumwa, na kanuni hufuata kazi.

Ruhusa hiyo ina gharama yake. Kikosi kinachomfuata adui huwa upande mmojawapo wa vita, na kisheria askari wake nao wanaweza kulengwa. Vilevile mzinga hauna nafasi ya kupiga kelele ya onyo kama mlinzi wa lango. Kabla ya kupiga, kamanda lazima ahakikishe kwamba kilimani wapo wapiganaji, si wakimbizi.

Wala kadi haimpi askari moyo wa kupigana. Inasema lini anaruhusiwa, na uamuzi wa kupiga unabaki kwa kamanda na kwa serikali iliyomtuma. Kwa hiyo raia wanapoachwa bila ulinzi, tusiishie kulaumu kanuni. Tuulize pia nani alikuwa na ruhusa akaamua kutoitumia.