Mashindano ya hotuba shuleni: fomu ya alama isiyompendelea mtu, na namna ya kumaliza sare

Mashindano ya hotuba ya kata yanapokwisha, malalamiko ya wazazi na walimu mara nyingi hayamhusu mtoto aliyeshinda. Yanahusu namna alama zilivyojumlishwa. Na mshindi wa kata ndiye anayekwenda kushindana wilayani, hivyo hesabu ikikosewa kuna mtoto anayebaki nyumbani bila haki.

Mara nyingi majaji hawana nia mbaya. Kosa liko kwenye utaratibu ambao wengi tumeuzoea: kila jaji anatoa alama, alama zote zinajumlishwa, mwenye jumla kubwa anashinda. Makala hii inaeleza kwa nini utaratibu huo unaweza kumpa ushindi asiyestahili, na njia nyepesi ya kuurekebisha kwa karatasi na kalamu tu.

Fomu yenyewe

Tuchukue mashindano ya hotuba ya dakika tano kwa kila msemaji, yenye majaji watatu. Fomu ya alama 100 inaweza kugawanywa hivi:

Hoja: alama 40
Mpangilio: alama 20
Lugha: alama 20
Uwasilishaji (sauti, macho, kujiamini): alama 20

Hoja zimepewa uzito mkubwa kwa sababu hotuba ni kushawishi. Mtoto mwenye sauti nzuri asiye na la kusema asimshinde mwenye sauti ndogo aliyejenga hoja.

Fomu isiishie kwenye namba. Iandikwe pia kila kiwango kina maana gani, la sivyo kila jaji atakuwa na 30 yake. Kwa sehemu ya hoja, andika hivi:

0 hadi 10: anarudia mada tu
11 hadi 20: anatoa madai bila sababu
21 hadi 30: anatoa sababu zinazoeleweka
31 hadi 40: anatoa sababu, mifano ya kweli, na anajibu wanaoweza kumpinga

Muda usiachwe kwa jaji. Awepo mtunza muda mwenye saa au simu. Msemaji akizidisha zaidi ya sekunde 30, mtunza muda anawaandikia majaji wote, na kila jaji anapunguza alama 3. Adhabu ikiwa moja kwa wote, hakuna jaji atakayemsamehe mmoja na kumwadhibu mwingine.

Chini ya fomu weka safu moja ambayo fomu nyingi hazina: NAFASI. Wasemaji wote wakishamaliza, jaji anatazama alama zake mwenyewe na kuandika nani wa 1, wa 2, wa 3, hadi wa mwisho. Safu hiyo ndiyo itakayotumika kumpata mshindi.

Kwa nini nafasi, na si jumla ya alama

Tazama mfano huu wa wasemaji wanne. Tuwaite A, B, C na D.

Jaji wa kwanza: A 76, B 72, C 70, D 65
Jaji wa pili: A 75, B 71, C 73, D 68
Jaji wa tatu: A 66, B 85, C 60, D 52

Ukijumlisha, A anapata 217, B anapata 228, C anapata 203 na D anapata 185. B ameshinda kwa alama 11.

Sasa rudi kwenye fomu moja moja. Jaji wa kwanza alimweka A juu ya wote. Jaji wa pili pia alimweka A juu ya wote. Majaji wawili kati ya watatu wamesema A ndiye bora, lakini kombe linakwenda kwa B. Imekuwaje?

Tazama umbali kati ya alama ya juu na ya chini ya kila jaji. Kwa jaji wa kwanza ni alama 11. Kwa jaji wa pili ni alama 7. Kwa jaji wa tatu ni alama 33. Jaji wa tatu anatoa alama kwa mkono mpana: akimpenda mtu anampandisha sana, asipompenda anamshusha sana. Zikijumlishwa, kalamu yake peke yake inazifunika kalamu za wenzake wawili. Huenda wala hakukusudia. Ndivyo alivyozoea kusahihisha.

Kwa hiyo mkitaka kujua kama mashindano yenu yaliyopita yalikuwa na tatizo hili, msitazame nani alitoa alama kubwa. Toeni alama ya chini kwenye alama ya juu kwa kila jaji, kisha mlinganishe. Umbali wa mmoja ukiwa mara mbili au tatu ya wenzake, huyo ndiye aliyekuwa na nguvu kubwa kuliko wengine, na inafaa mtazame tena kama mshindi alikuwa chaguo la wengi.

Sasa tumia safu ya nafasi. Nafasi za kila msemaji kwa majaji watatu ni hizi:

A: 1, 1, 2. Jumla 4
B: 2, 3, 1. Jumla 6
C: 3, 2, 3. Jumla 8
D: 4, 4, 4. Jumla 12

Hapa mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, kwa kuwa nafasi ya 1 ndiyo bora. A ameshinda, kama majaji wawili walivyosema. Jaji wa tatu hakunyamazishwa. Bado amempa B nafasi ya kwanza na B amekuwa wa pili. Ila sasa sauti yake ni moja, sawa na ya kila mwenzake.

Njia hii ina kinga nyingine. Kwa wasemaji wanne, nafasi za kila jaji lazima zifike 10, yaani 1 na 2 na 3 na 4. Kwa majaji watatu jumla kuu lazima iwe 30. Karani akipata 29 au 31, kuna aliyekosea, na anajua kabla mshindi hajatangazwa.

Njia hii ina mpaka wake pia. Nafasi hazionyeshi kama wa kwanza alimzidi wa pili kwa alama moja au kwa alama 20. Basi alama zenyewe zisitupwe: apewe mwalimu wa kila mtoto baada ya mashindano, ajue mwanafunzi wake alipungukiwa kwenye hoja au kwenye lugha.

Sare: iamuliwe kabla haijatokea

Kanuni ya sare iandikwe na kusomwa kwa sauti kabla msemaji wa kwanza hajasimama. Ikitungwa baada ya alama kujulikana, kila mtu atajua inamsaidia nani, hata kama ni nzuri.

Ziko njia zinazotumiwa ambazo hazifai. Kupigiwa makofi na watazamaji kunaipendelea shule mwenyeji, maana ndiyo yenye watu wengi. Kumwomba jaji mkuu aongeze alama moja ni kumfanya yeye peke yake ndiye mwamuzi. Na kurudi kwenye jumla ya alama ni kumrudishia jaji wa mkono mpana nguvu ileile tuliyomwondolea.

Anzeni na sare ndani ya fomu ya jaji mmoja. Jaji akiwa amewapa wawili alama 74, haruhusiwi kuwaweka wote nafasi ya 2. Mwenye alama nyingi za hoja anatangulia. Wakilingana na hapo pia, jaji aamue mwenyewe nani alimshawishi zaidi, kabla ya kukabidhi fomu.

Kisha sare ya jumla ya nafasi. Tuseme matokeo ni haya:

A: 1, 1, 4. Jumla 6
B: 2, 2, 2. Jumla 6
C: 3, 4, 1. Jumla 8
D: 4, 3, 3. Jumla 10

A na B wamelingana. Hatua ya kwanza ni kuwashindanisha hao wawili tu: ni majaji wangapi walimweka A mbele ya B? Jaji wa kwanza na wa pili. Wa tatu alimweka B mbele. A anashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Majaji wakiwa watatu au watano, na hakuna aliyeandika sare kwenye fomu yake, sare ya watu wawili lazima iishe hapa. Ndiyo maana majaji wasiwe wawili wala wanne.

Hatua ya pili ni kwa sare ya watu watatu, ambayo inaweza kugoma. Mmoja anapata 1, 2, 3. Mwingine 2, 3, 1. Wa tatu 3, 1, 2. Kila mmoja amemshinda mwenzake mmoja na kushindwa na mwingine, wanazunguka tu. Kwa hali hiyo anahitajika jaji wa sare. Huyu anakaa na kusikiliza tangu mwanzo, anajaza fomu kama wenzake na kupanga nafasi za wasemaji wote, kisha anaifunga kwenye bahasha kabla hesabu haijaanza. Bahasha inafunguliwa tu sare ikigoma, na mpangilio wake ndio unaoamua kati ya waliolingana. Isipohitajika, haifunguliwi. Chama cha kimataifa cha Tostimastazi, kinachoendesha mashindano ya hotuba katika nchi nyingi, nacho kinatumia nafasi na jaji wa sare anayejaza fomu yake kwa siri.

Mdahalo wa pande mbili

Kwenye mdahalo kuna upande wa kutetea na upande wa kupinga, hivyo kazi ni nyepesi zaidi. Kila jaji anajumlisha alama za wasemaji wa kila upande, anatazama upande upi umemzidi mwenzake, na kuandika jina la upande mmoja tu. Jumla za pande mbili hazikubaliwi kulingana kwenye fomu ya jaji. Upande wenye majaji wengi unashinda, hata kama jumla ya alama zote ingesema vingine. Ndivyo inavyofanyika kwenye mashindano ya dunia ya midahalo ya shule za sekondari: hotuba kuu hupewa alama 40 za hoja, 40 za uwasilishaji na 20 za mkakati, lakini mshindi hupatikana kwa wingi wa majaji.

Siku yenyewe

Majaji wakae mbalimbali na wasijadiliane mpaka fomu zote zikusanywe. Anayefundisha au kuwa na undugu na msemaji yeyote asiwe jaji. Karani ajumlishe nafasi mbele ya mwalimu mmoja kutoka kila shule. Baada ya kutangaza, bandikeni ukutani jedwali la nafasi za kila msemaji bila majina ya majaji. Mzazi mwenye shaka asimame pale na kujumlisha mwenyewe. Namba zake zitafika palepale alipofika karani.