Barua ya Shukrani Iliyotaja Msingi Uliopasuka

Katibu wa kikundi alinikabidhi barua ile mjini Bukoba akaniomba nirekebishe lugha tu, basi. Ilikuwa ya kumshukuru mama mmoja mzaliwa wa Muleba anayeishi Ulaya. Mama huyo alikuwa ametuma fedha za kuvuna maji ya mvua katika shule ya msingi aliyosoma zamani. Ilianza hivi:

“Kwa niaba ya kikundi chetu na jamii nzima, tunapenda kutoa shukrani zetu za dhati zisizo na kifani kwa moyo wako wa upendo na ukarimu. Msaada wako umegusa maisha ya wengi na kurejesha matumaini. Maneno hayatoshi. Mwenyezi Mungu akubariki na kukuzidishia pale ulipopunguza.”

Lugha haikuwa na kosa. Nikafunika jina la mama kwa kidole gumba, nikamuuliza katibu: hii barua ni ya nani? Akaisoma tena, akacheka. Ingeweza kuwa ya aliyetoa madawati, ya aliyenunua magodoro ya zahanati au ya aliyechangia mchele wa msiba. Hakuna mahali iliposema “maji”.

Kazi yangu ni vitabu vya hesabu vya vikundi vidogo, na barua za namna hii zinanipitia kila mwezi. Haziandikwi na wezi. Zinaandikwa na watu waaminifu wanaoamini kwamba adabu ni kusifu, na kwamba kumtajia mtoaji bei ya saruji ni kumdai au kumshuku. Mtoaji wa aina hii, asiye shirika lenye fomu zake, hatauliza. Atajibu “Amina”, na mwaka unaofuata atapeleka fedha zake kwingine bila kusema neno.

Hapa Kagera tunao mfano wa zamani wa kuandika tofauti. Nshamba, wilayani Muleba, mpango wa KwaWazee ulianza mwaka 2003 kuwalipa pensheni ndogo ya kila mwezi wazee, wengi wao bibi walioachiwa wajukuu baada ya UKIMWI kuondoka na watoto wao. Ripoti ya tathmini ya mwaka 2008 ilieleza mpango uliokuwa ukimpa mzee shilingi 6,000 kwa mwezi, na 3,000 za nyongeza kwa kila mtoto anayemlea. Waandishi wangeweza kuiita ripoti ile matumaini au heshima ya uzee. Wao waliipa jina ambalo kwa Kiswahili ni chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ukisikia jina hilo umeshajua fedha zilikwenda wapi, na umejua pia bibi alikuwa akikosa nini kabla.

Basi tuliketi na katibu, daftari la fedha mkono mmoja, bahasha ya risiti mkono wa pili. Swali la kwanza lilikuwa: mlipokea kiasi gani? Akajibu haraka, euro 1,500. Hicho ndicho mama alichotuma. Kwenye taarifa ya benki kilichoingia ni shilingi 3,962,000, baada ya makato ya benki za njiani na kubadilisha fedha. Barua lazima itaje kiasi kilichoingia na tarehe yake. Usipokitaja, mtoaji atapiga hesabu kwa kiwango alichokiona siku hiyo, apate jumla kubwa kuliko yako, na tofauti hiyo hutaiona wewe ukamweleza. Itabaki kichwani mwake.

Swali la pili ni la kazi iliyokusudiwa. Mama alisema maji. Je, fedha zote zilikwenda kwenye maji? Watu wa Bukoba tunajua uzito wa jambo hili. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 michango ilitoka kila kona, na wengi waliobomokewa nyumba waliamini imetolewa ili wajengewe. Januari 2017 Rais Magufuli alipokuja alieleza kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma, zikiwamo shule. Mtu anaweza kutetea uamuzi ule au kuupinga. Ninachokitazama mimi kama mtu wa hesabu ni kwamba mchango uliingia watu wakiwa na picha moja kichwani, na maelezo yakaja na picha nyingine. Kikundi kidogo kikitaka kubadilisha matumizi, kimwandikie mtoaji kabla ya kununua. Kikishanunua, ataisoma barua kama utetezi.

Kwa bahati hapa hakuna kilichohamishwa. Tukamimina risiti mezani. Za dukani zilikuwa za mashine ya EFD, safi kabisa. Shida ilikuwa mawe na mchanga, kwa maana mzee anayeponda mawe kando ya barabara hana mashine. Kwake unaandika hati ya malipo yenye jina lake, kiasi, namba ya simu na sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja anatia sahihi. Katibu alikuwa nazo zote mbili. Alichokosea ni kukusanya nauli na gharama ya gari lililobeba matanki kutoka Bukoba, akaziita “mengineyo”. Neno hilo ndilo macho ya mkaguzi hutafuta kwanza. Tukaandika usafiri, shilingi 120,000. Gari lilikuwepo na matanki hayakutembea yenyewe. Hakuna cha kuficha.

Tulipofika kwenye manufaa ndipo tulipobishana. Katibu alitaka iandikwe kwamba wanafunzi 412 wamenufaika na tatizo la maji shuleni limekwisha. Nikamwomba tupige hesabu. Matanki ni mawili, kila moja lita 5,000. Mtoto akitumia lita 2 kwa siku, kunywa na kunawa, shule inamaliza lita 824. Matanki yakiwa yamejaa pomoni na mvua isinyeshe, maji yanakauka siku ya 12. Hapa kwetu kati ya Juni na Agosti mvua huwa haba, na siku 12 si kitu.

Kujaza nako kuna hesabu yake, rahisi kuliko watu wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati inatoa lita 1. Paa lililofungwa gata lina mita za mraba 126. Mvua nzuri ya milimita 20 inaleta kama lita 2,500, na ukitoa zinazoruka nje ya gata na zile za mwanzo zinazoosha vumbi, zinabaki 2,000. Kwa hiyo mvua tano za namna hiyo zinajaza matanki yaliyokuwa matupu. Wakati wa masika si jambo gumu. Lakini kusema tatizo limekwisha ni kumwandalia mama aibu: akija likizo mwezi wa saba akafungua koki, itatoa hewa.

Kilichobadilika kweli kilikuwa kidogo kuliko “limekwisha”, na kwangu kilikuwa kizuri zaidi. Zamani kila mtoto alikuja na kidumu cha lita 5 kutoka chemchemi iliyo bondeni, chini ya vibanja, na aliyesahau alirudishwa. Sasa mwalimu wa zamu anapita asubuhi na kugonga ubavu wa tanki kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kushuka. Pale sauti inapoacha kulia kama debe tupu ndipo maji yalipo. Maji yakiwa juu ya alama ya rangi aliyoichora, vidumu havihitajiki siku hiyo. Yakishuka chini yake, anatangaza mstarini kesho vidumu vije.

Kilikuwepo kitu kingine katibu asichotaka kukiandika. Wiki ya kwanza baada ya matanki kujaa, msingi wa tanki la pili ulipasuka. Lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5, na upande ule wa mteremko udongo ulikuwa wa kujazia, haukushindiliwa. Walifungulia maji yote, wakavunja na kujenga upya kwa mifuko 3 ya ziada ya saruji. “Tukimwambia hili ataona hatujui kazi,” alisema. Nikamwambia kwamba risiti ya mifuko ile ina tarehe ya wiki tatu baada ya nyingine. Atakayeisoma ataiona. Bora aisikie kwenu.

Barua mpya ikatoka hivi:

“Ma mpendwa, wakola munonga. Tarehe 4 Machi ziliingia kwenye akaunti yetu shilingi 3,962,000 ulizotuma kwa ajili ya maji ya shule. Tumenunua matanki mawili ya lita 5,000 kwa 2,100,000. Misingi yake, yaani saruji, mawe na mchanga, imechukua 582,000, gata, mabomba na koki 548,000, mafundi 380,000, usafiri 120,000. Jumla ni 3,730,000, zimebaki 232,000. Nakala za risiti tumeambatanisha.

Msingi wa tanki la pili ulipasuka kwa sababu tuliujenga juu ya udongo wa kujazia. Tumeujenga upya, na gharama hiyo imo humo. Tangu tarehe 20 Aprili matanki yote yanafanya kazi. Mvua zikiendelea, watoto hawaji na vidumu. Mvua zikikatika, maji yanatosha siku 12 hivi, halafu vidumu vinarudi. Paa la jengo la pili bado halina gata. Tunaomba mwongozo wako: zile 232,000 tuziweke za matengenezo, au tuanze nazo upande huo?”

“Ma” ni heshima yetu Wahaya kwa mwanamke mtu mzima, kama “Ta” kwa mwanamume, na shukrani imebaki palepale mwanzoni, kwa maneno mawili ya nyumbani. Picha tuliyoambatanisha ni ya msingi uliojengwa upya, na koki ikitiririka ndani ya ndoo. Katibu alikuwa na nyingine ya watoto waliopangwa mstari wakiinua mikono. Hawakuulizwa wao wala wazazi wao, na isitoshe ndani yake tanki halionekani.

Ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa siku fedha zilipoingia, kabla ya hata mfuko mmoja wa saruji kununuliwa, na ndiyo maana haikuwa na la kusema. Siku hizi nawashauri watume barua mbili. Ya kwanza ni mistari mitatu ndani ya wiki, ya kiasi na tarehe. Ya pili isubiri hadi kitu chenyewe kitumike.

Jibu la mama lilifika siku ya tatu. Hakuandika “Amina”. Aliuliza kama tanki la kwanza nalo limekaa juu ya udongo wa kujazia, na kama gata la jengo la pili linaweza kuelekezwa huko kwenye tanki hilohilo badala ya kununua la tatu. Katibu alinipigia simu akiwa shuleni, ana utepe wa kupimia mkononi, akitaka kujua mteremko wa gata unapaswa kuwa sentimita ngapi kwa kila mita.