Nukta Nne Mfululizo

Anayeandika programu kwa Java, Python au lugha nyingine ya aina hiyo amewahi kuandika, au kurithi kutoka kwa mwenzake, mstari kama huu:

```java
Pesa ada = oda.mteja().anwani().wilaya().ada();
```

Tuseme ni programu ya duka la mtandaoni jijini Dar es Salaam linalouza vyombo vya nyumbani na kuwapelekea wateja kwa bodaboda. Mstari unatafuta ada ya kupeleka mzigo: unaiuliza oda mteja wake ni nani, unamwuliza mteja anwani yake, anwani inataja wilaya, na wilaya inatoa ada. Unasomeka vizuri na unafanya kazi. Watu wengi hawaoni ubaya wake mpaka duka libadilishe utaratibu.

Mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, Ian Holland alipendekeza kanuni inayokataza mistari ya namna hii. Alikuwa kwenye mradi wa utafiti wa Karl Lieberherr ulioitwa Demeta, jina la mungu wa kilimo na mavuno wa Wagiriki wa kale, na kanuni ikabaki na jina la mradi. Inasema kwamba mbinu iliyo ndani ya kitu fulani iite mbinu za vitu vya karibu tu: kitu chenyewe, vitu inavyovimiliki moja kwa moja, vile ilivyopewa wakati wa kuitwa, na vile ilivyoviunda yenyewe. Kitu ilichokipata kwa kukiuliza kitu kingine ni mgeni, na mgeni haagizwi kazi.

Ni kama konda wa daladala. Anadai nauli kwa abiria. Hamtii mkono mfukoni, akatoa pochi, akaifungua na kuchagua noti. Abiria akilipa kwa simu, au akilipiwa na jirani yake, kazi ya konda haibadiliki.

Mstari wetu unamtia mteja mkono mfukoni. Msimbo unaotaka ada peke yake umelazimika kujua kwamba oda ina mteja, mteja ana anwani, anwani ina wilaya, na bei hupangwa kiwilaya. Mambo manne, na hakuna hata moja linalomhusu anayetaka ada. Ufichaji wa mambo ya ndani, ambao ndio sababu ya kuvigawa vitu katika programu, umekwisha hapo. Sehemu zote zinaweza kuwa zimewekewa neno `private` na bado siri ikawa nje, kwa sababu kila kitu kina mbinu inayokabidhi kilichomo tumboni mwake kwa yeyote anayeomba.

Sasa mwenye duka anagundua kwamba Magomeni na Bunju zinatozwa ada moja kwa kuwa zote ziko wilaya ya Kinondoni. Mwenye bodaboda anayekwenda Bunju analalamika, na ana haki, maana ni mbali. Inaamuliwa bei ipangwe kwa kata. Badiliko ni dogo na lilipaswa kugusa mahali pamoja. Lakini ule mnyororo umenakiliwa kwenye ukurasa wa kikapu, kwenye risiti, kwenye ujumbe mfupi anaotumiwa mteja, na kwenye ripoti ya jioni. Ukirekebisha vitatu ukasahau ripoti, mteja atalipa bei mpya huku hesabu za jioni zikifungwa kwa bei ya zamani. Programu haitaanguka wala kutoa onyo. Tofauti itaonekana siku mhasibu atakapouliza kwa nini fedha hazilingani.

Badiliko la pili ni baya zaidi. Duka linaruhusu wateja waje kuchukua mizigo wenyewe, na hao hawaandiki anwani. Matoleo mapya ya Java yataeleza tatizo hivi:

```
Cannot invoke "Anwani.wilaya()" because
the return value of "Mteja.anwani()" is null
```

Kabla ya toleo la 14, Java ilitaja namba ya mstari tu, na kwenye mstari wenye nukta nne ulibaki kubahatisha ni kiungo kipi kilichokatika. Ujumbe huu ni msaada mkubwa, ila unakuonyesha palipokatika, haukwambii kwa nini risiti ilikuwa inapekua anwani za watu.

Wengi hujitibu kwa kuukata mnyororo vipande: mteja kwenye kigeu chake, anwani kwenye chake, wilaya kwenye chake. Nukta zinapungua, ujuzi uliovuja unabaki palepale. Kuhesabu nukta ni njia ya kushuku, si ya kuhukumu. Wengine wanampa mteja mbinu iitwayo `adaYaKupeleka()`, inayoiuliza anwani, nayo inaiuliza wilaya. Hapo kuna nafuu, kwa sababu kila mmoja anaongea na jirani yake tu. Lakini ukiendelea hivyo, `Mteja` atajaa mbinu ndogondogo zisizofanya lolote ila kupitisha maswali, na hilo ndilo lalamiko la haki kuliko yote dhidi ya kanuni hii.

Swali lenye faida ni lingine: kwa nini oda ilihitaji kupita kwa mteja? Mtu wa Mikocheni anaweza kumnunulia mama yake sufuria zipelekwe Mbagala. Mahali mzigo unapokwenda ni habari ya oda, haikuwa ya mteja tangu mwanzo. Mnyororo ulikuwa mrefu kwa sababu habari iliwekwa kwa mtu asiyehusika. Basi oda ipewe namna yake ya kupokelewa:

```java
class Oda {
    private final Upokeaji upokeaji;

    Oda(Upokeaji upokeaji) {
        this.upokeaji = upokeaji;
    }

    Pesa adaYaKupeleka() {
        return upokeaji.ada();
    }
}
```

`Upokeaji` una aina mbili. `KupelekwaNyumbani` inaijua kata na inatoa ada yake. `KuchukuaDukani` inatoa sifuri. Risiti, kikapu, ujumbe na ripoti vyote vinaandika `oda.adaYaKupeleka()` na havijui zaidi. Bei zikirudi kupangwa kwa wilaya, au zikianza kupangwa kwa kilomita, faili moja ndilo litakaloguswa. Hata majaribio yanakuwa mepesi: kuijaribu risiti hapo zamani kulitaka uunde mteja wa bandia mwenye anwani ya bandia ndani ya wilaya ya bandia. Maandalizi marefu ya jaribio fupi ni dalili nyingine ya ugonjwa huuhuu, na mara nyingi huonekana mapema kuliko mnyororo wenyewe.

Kuna minyororo isiyo na kosa. `StringBuilder` ya Java ukiiandikia `sb.append("Jumla: ").append(kiasi)` inajirudisha yenyewe kila mara, kwa hiyo unaongea na yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho. Ukisoma data ya JSON iliyotoka kwenye mfumo mwingine, ukapita matawi yake hadi kwenye jani, hakuna siri uliyoivunja, maana data ya aina hiyo ni umbo tupu lililo wazi na haina tabia ya kulinda. Martin Fowler, mwandishi mashuhuri wa fani hii, amewahi kusema kwa utani kwamba angependa iitwe pendekezo linalofaa mara mojamoja badala ya sheria. Mimi naiheshimu zaidi ya hapo, lakini namwelewa: anayeifuata kwa kuhesabu nukta ataiharibu programu yake kwa bidii.

Ukikutana na mnyororo kwenye mradi wako, usikimbilie kuufupisha. Soma neno lake la mwisho, kwa sababu ndilo linalotaja kilichotakiwa kwa kweli. Kisha tafuta nani alipaswa kukimiliki, ukihamishie huko.