Maji ya shimo la msingi: gharama ambayo wenye ghorofa husahau

WAFANYABIASHARA wanaochanga mitaji ili kujenga ghorofa za kupangisha jijini Dar es Salaam huuliza kwanza bei ya kiwanja, nondo na saruji. Ni wachache wanaouliza mkandarasi atapeleka wapi udongo wa shimo la msingi, na maji yatakayovutwa humo yatamwagwa wapi. Kumbe hayo mawili ndiyo yanayoweza kusimamisha kazi wakati riba ya benki inaendelea kuhesabiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya aina zilizotajwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Ndani ya ripoti hiyo huwamo mpango wa kudhibiti taka, vumbi, kelele na maji machafu. Tatizo ni kwamba mpango huo huandikwa na mshauri wa mazingira, wakati bei za kazi huandaliwa na mkadiriaji majenzi, na mara nyingi wawili hao hawakutani. Matokeo yake ni kuwa mpango unasema barabara itamwagiwa maji na mtaro utalindwa, lakini zabuni haina hata mstari mmoja wa kulipia shughuli hizo. Mkandarasi aliyeshinda kwa bei ya chini hawezi kufanya kazi ambayo hakuiwekea bei.

Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa nane katika kiwanja cha Kariakoo, lenye maegesho chini ya ardhi. Shimo lina upana wa meta 18, urefu wa meta 25 na kina cha meta 3, yaani meta za ujazo 1,350. Udongo ukichimbwa huumuka. Mchanga ukiongezeka kwa asilimia 20, mzigo wa kubebwa unakuwa meta za ujazo 1,620. Kwa tipa la meta za ujazo 10, hizo ni safari 162. Aliyegawanya 1,350 kwa 10 alipata safari 135, na safari 27 zilizobaki hazina mwenyewe. Hapo ndipo rundo la udongo huanza kulala kando ya barabara, mvua ikaja, na mchanga wote ukaishia mtaroni mbele ya maduka ya watu.

Kwa sababu hiyo, malipo ya usombaji yafuate safari zilizothibitishwa, kila moja ikiwa na risiti ya sehemu ya kumwaga iliyokubaliwa. Bei ya jumla humshawishi dereva kumwaga bondeni usiku.

Jambo zito zaidi ni maji. Katika maeneo yenye mchanga ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo la meta 3 hujaa maji, na lazima yavutwe kwa pampu mchana na usiku. Maji hayo yakitoka na mchanga, mchanga huo haukutoka shimoni peke yake. Sehemu yake umetoka chini ya msingi wa jirani.

Hesabu yake si ngumu. Pampu inayotoa meta za ujazo 10 kwa saa hutoa 240 kwa siku. Kila meta ya ujazo ikibeba nusu kilo tu ya mchanga, hizo ni kilo 120 kwa siku, na kilo 3,600 kwa siku 30. Huo ni mchanga wa zaidi ya meta mbili za ujazo uliohama chini ya ardhi bila mtu kuuona. Ukuta wa jirani hupasuka kwa mshazari kuanzia kwenye pembe za madirisha, milango inaanza kukwama, na kesi inafunguliwa.

Mwekezaji anaweza kulitambua hilo bila maabara. Achote maji pampu inapotolea kwa ndoo ya lita 20, ayaache yatulie kwa dakika chache, kisha ayamwage taratibu. Nusu kilo kwa meta ya ujazo ni gramu 10 katika ndoo hiyo, yaani kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kiasi hicho kikionekana siku baada ya siku, pampu inavuta vibaya. Dawa yake ni kuacha kuvuta kwenye dimbwi la wazi na kuchimba visima pembeni mwa shimo, vyenye mabomba yaliyotobolewa na kuzungushiwa kokoto ndogo zinazozuia mchanga. Visima hivyo ni ghali kuliko dimbwi, ila vinabakiza ardhi mahali pake. Navyo vina mpaka: kushusha maji sana katika udongo laini wa mfinyanzi kunaweza kuifanya ardhi ya jirani ididimie hata kama maji yanatoka meupe. Ndiyo maana picha za nyufa zote za majirani hupigwa na kutiwa saini na pande zote mbili kabla pampu haijawashwa.

Kabla ya kuingia mtaroni, maji yapite kwenye tangi la kutulizia. Wengi hudhani tangi likiwa refu kwenda chini ndiyo bora, kumbe kinachohesabika zaidi ni eneo la juu. Chembe za tope zenye upana wa sehemu 2 za mia za milimeta huzama kiasi cha theluthi moja ya milimeta kwa sekunde, hivyo maji ya meta za ujazo 10 kwa saa yanahitaji eneo la meta za mraba 8 hivi. Kwa kuwa maji hayatulii sawasawa, mhandisi mwangalifu huweka 16, na tangi hugawanywa vyumba vitatu. Tope likijaa nusu ya chumba cha kwanza lazima lichotwe, la sivyo tangi linakuwa pambo. Mfinyanzi mwembamba hautazama humo hata kwa siku nzima.

Maji ya kuoshea mashine ya zege yasichanganywe na hayo. Yana ukali wa saruji unaochoma ngozi, na saruji yake huganda ndani ya mtaro. Yapewe shimo lake lililotandikwa plastiki nzito. Yakikauka, kinachobaki huvunjwa na kubebwa na kifusi.

Vumbi lina gharama ndogo zaidi. Matairi ya tipa yaoshwe getini, mzigo ufunikwe turubai, vigae na matofali vikatwe kwa maji, na kifusi cha juu kishushwe kwa bomba badala ya kutupwa. Neti ya kijani inayozungushiwa jengo huzuia vipande na sehemu ya vumbi, lakini kelele hupita kama vile haipo. Kwa kelele, umbali na ukuta mzito ndivyo vinavyosaidia. Jenereta ikisogezwa kutoka meta 5 hadi meta 10 toka dirisha la jirani, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi.

Wakati nao ni fedha. Shimo likichimbwa kati ya Juni na Septemba hukwepa masika na vuli, na pampu hufanya kazi kidogo. Kibali kikitoka Februari, mwenye mradi apige hesabu ya riba ya miezi minne ya kusubiri, kisha ailinganishe na bei ya visima, tangi na dizeli ya pampu wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Akiamua kuchimba, vitu hivyo viwe mistari yenye bei ndani ya zabuni, na hati ya malipo ya kwanza isitiwe saini mpaka mhandisi mshauri ameliona tangi likifanya kazi.