Kofia ya Bana Hutambuliwa kwa Upande wa Chini

Kofia ya bana, kile kisahani cheusi kinachokaa juu ya matundu ya moto, ikipotea au kupasuka, wengi hupiga picha jiko zima kwa juu na kumtumia muuza vipuri. Picha hiyo humwambia machache. Jina lililoandikwa kwenye kioo ni la kampuni iliyouza jiko, na mara nyingi bana zimetengenezwa na kampuni nyingine. Sabaf ya Italia, kwa mfano, hutengeneza bana na vali zinazofungwa kwenye majiko ya chapa nyingi. Ndiyo maana majiko mawili yenye majina tofauti huweza kutumia kofia moja, na mawili ya jina moja yakakataana.

Picha ya kwanza iwe ya kibandiko chenye namba ya modeli. Kwenye jiko la kuchomeka mezani huwa chini ya sanduku lake, na kwenye jiko lenye oveni mara nyingi huonekana ukifungua mlango au droo. Funga gesi kwenye mtungi kabla ya kuinamisha au kufungua chochote. Namba hiyo ikisomeka vizuri, muuzaji huweza kutafuta kipuri kwa modeli yenyewe.

Tuseme jiko ni la plati nne, lililonunuliwa mtumba, na kibandiko kimefutika. Hapo tafuta sampuli jikoni kwako. Majiko mengi ya namna hii yana bana moja ndogo, mbili za kati na moja kubwa. Kofia iliyopotea ikiwa ya bana ya kati, ile ya kati iliyobaki ndiyo pacha wake. Ipindue mezani, weka kadi ya benki kando yake, kisha piga picha simu ikiwa juu kabisa, bila kuilaza. Urefu wa kadi ni karibu milimita 86. Ikiwa kwenye kioo cha simu kadi inapimika milimita 62 na kofia 54, zidisha 54 kwa 86, ugawe kwa 62. Unapata karibu 75, nacho ndicho kipenyo cha kofia kwa milimita.

Hesabu hiyo inatosha kumwonyesha muuzaji rafu ya kutafuta, lakini haitoshi kulipa pesa. Kinachoamua ni upande wa chini, penye ukingo au vijino vinavyoishika kofia isihame juu ya kichwa cha bana. Kofia mbili za milimita 75 zinaweza kufanana kabisa kwa juu, na ukingo wa chini ukatofautiana. Pima ukingo huo kwa rula, au bora zaidi, nenda dukani na sampuli yenyewe.

Ukifika nyumbani, iweke kofia mpya na uisukume kidogo kwa kidole. Isicheze wala isiinuke upande mmoja. Kisha washa. Moto unaofaa ni wa buluu, umezunguka sawasawa na umetulia kwenye matundu. Moto ukiwa mrefu upande mmoja, ukiwa wa njano na kulitia sufuria masizi, au ukilipuka kidogo chini ya kofia, zima. Inawezekana kofia haikukaa mahali pake au si yake.

Nobu nayo ina siri yake kwa chini. Ivute moja kwa moja kwa mkono. Ikigoma, izungushie kitambaa uvute tena. Kuichokonoa kwa bisibisi kunaweza kupasua kioo. Ikitoka utaona kijiti cha vali, ambacho mara nyingi kina upande mmoja uliokatwa bapa. Pima unene wake, kwa kawaida milimita 6 au 8, na urefu unaojitokeza juu ya jiko. Kisha, vali ikiwa imefungwa, piga picha inayoonyesha upande bapa umeelekea wapi. Nobu ya kipimo sahihi lakini yenye tundu lililogeukia kwingine itaonyesha moto umezimwa wakati gesi inatoka.

Nobu mpya ikishaingia, iache nafasi ndogo kati yake na kioo, kwa sababu vali nyingi hazizunguki bila kubonyezwa kwanza. Ikigusa kioo mapema, haitabonyea.

Kabla ya kununua, chomoa nobu nzima ya bana nyingine uijaribu kwenye kijiti hicho. Ikizunguka vizuri, hiyo ndiyo sampuli ya kupeleka dukani. Kijiti kikiwa kizito hata kwa nobu nzima, ugonjwa uko kwenye vali. Usikilazimishe kwa koleo, maana upande bapa utaisha na hakuna nobu itakayoshika tena. Acha gesi ikiwa imefungwa mtungini, umwite fundi.