Kwa nini miguu ya mhusika huteleza

Ukitaka kujua kama mchezo wa kompyuta umetengenezwa kwa uangalifu, mtazame mhusika wake kuanzia magotini kwenda chini. Katika michezo mingi miguu hupiga hatua huku nyayo zikiburuzika sakafuni. Mhusika akisimama, mwili huserereka kidogo; akigeuka, huzunguka palepale kama pia.

Chanzo ni kazi iliyogawanywa mara mbili bila mawasiliano. Msimbo humsukuma mhusika mbele, na klipu ya animesheni huchezesha mifupa yake. Tuseme klipu inaonyesha mtu anayetembea mita 1.5 kwa sekunde, lakini msimbo unamsukuma mita 2. Mtu akitembea, kila unyayo hukaa chini takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua. Mzunguko huo ukiwa wa sekunde 1, unyayo ulio chini utaburuzwa kama sentimita 30 kabla haujanyanyuka.

Dawa yake ni msogeo wa mzizi: klipu yenyewe ndiyo inayoamua mhusika asogee kiasi gani. Wazo si geni. Jordan Mechner, aliyetoa Prince of Persia mwaka 1989, alichora mienendo ya shujaa wake kutokana na video za mdogo wake akikimbia na kuruka. Ndani ya orodha za picha zake mliwa na amri, `chx`, iliyomsogeza shujaa mbele au nyuma kulingana na picha inayofuata.

Katika injini ya Unity, kazi hiyo huwashwa kwa kisanduku cha `Apply Root Motion` kwenye kijenzi cha `Animator`. Katika kila fremu injini huangalia mzizi wa klipu umesogea na kugeuka kiasi gani tangu fremu iliyopita, kisha humpa mhusika tofauti hiyo. Mtengenezaji anayetaka kuisimamia mwenyewe huandika hivi:

```csharp
void OnAnimatorMove()
{
    transform.position += animator.deltaPosition;
    transform.rotation = animator.deltaRotation * transform.rotation;
}
```

Ugumu huanza pale klipu mbili zinapochanganywa. Mhusika anatembea, mchezaji anaachia kitufe, na injini inapunguza uzito wa klipu ya kutembea huku ikiongeza ule wa klipu ya kusimama. Mchezo ukienda fremu 60 kwa sekunde, kutembea kunatoa sentimita 2.5 kwa fremu. Kama wakati huo klipu ya kusimama inatoa 1.5, katikati ya mpito mhusika atasogea sentimita 2. Hesabu imekaa sawa, na bado miguu inaweza kuteleza.

Sababu ni mguu gani uko chini. Ikiwa klipu ya kutembea imekanyaga kwa mguu wa kushoto, na ile ya kusimama inaanza mguu wa kulia ukiwa chini, injini hutafuta mkao wa katikati. Hapo hakuna mguu uliokanyaga kweli. Yote miwili inapepesuka juu ya sakafu. Ndiyo maana watengenezaji makini huandaa klipu mbili za kusimama, moja kwa kila mguu. Kwenye klipu ya kutembea huweka mkunjo wa thamani wenye jina sawa na kigezo cha `Animator`, ili kigezo hicho kionyeshe mguu ulio chini na mpito uchague klipu inayofaa.

Kugeuka kuna mtego wake. Katika mipangilio ya klipu, chini ya `Root Transform Rotation`, kisanduku cha `Bake Into Pose` kikiwa kimewashwa, mzunguko hubaki kwenye mifupa tu. Mhusika atageuka nyuzi 180 vizuri kabisa, kisha klipu ikiisha ataruka ghafla na kutazama alikotoka. Kwa klipu ya kugeuka, kisanduku hicho kizimwe. Akizidisha mzunguko, mara nyingi msimbo wa zamani nao bado unamgeuza.

Gharama ipo. Klipu ya kusimama yenye nusu sekunde humpeleka mhusika mbele kidogo baada ya kitufe kuachiwa, na kwenye ukingo wa jabali hatua hiyo moja humwangusha. Kwa mchezo wa mapigano ya kasi, ni afadhali msimbo ushike usukani na utelezi mdogo uvumiliwe.

Anayetengeneza mchezo wake na aweke kamera usawa wa nyayo, apunguze `Time.timeScale` hadi 0.25, kisha amsimamishe mhusika mara kadhaa, mara kwa mguu huu, mara kwa ule. Unyayo unaohama ukiwa chini utaonekana mara moja, na klipu inayohitaji kurekebishwa itajulikana.